Umefuta faili kwa bahati mbaya: uzime, ukate umeme au uache kifaa kikiwaka?

Ushauri unaotolewa kila mtu anapofuta kitu kimakosa ni uleule: usiguse, zima haraka. Kwa kadi ya kamera ushauri huo ni sahihi. Kwa laptopu yenye diski ya kuzunguka ni sahihi nusu, maana kuzima kwenyewe kunaweza kuandika data mpya juu ya ile unayoitaka. Kwa laptopu yenye SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka, hausaidii sana, na kwa simu unaweza kukutoa kabisa kwenye njia iliyobaki. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza chochote, jiulize faili lilikuwa limekaa kwenye nini.

Unapofuta faili, picha au hesabu zenyewe haziguswi. Kadi kubwa za kamera hutumia mfumo wa exFAT, na humo kinachobadilika ni alama kwenye orodha ya folda pamoja na ramani inayoonyesha nafasi zipi ziko wazi. Maudhui yanabaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe kwenye nafasi hiyohiyo. Maswali ya dakika za kwanza basi ni nani ataandika kinachofuata, na ataandika wapi.

Hilo la "wapi" watu hulisahau. Watu wengi hufuta kwa sababu nafasi imekwisha. Diski ikiwa imejaa, nafasi uliyoifungua sasa hivi kwa kufuta ndiyo nafasi pekee iliyo wazi, na kila kinachoandikwa baada ya hapo hakina pengine pa kwenda. Faili likifutwa kwenye diski ya GB 500 yenye GB 300 tupu, lina nafasi nzuri ya kudumu saa kadhaa. Likifutwa kwenye diski hiyohiyo ikiwa na GB 2 tu zilizobaki, kivinjari kilichofunguliwa chinichini kinaweza kuanza kulifunika kabla hujamaliza kushtuka.

Hatua za kuchagua ni tatu: kuacha kikiwaka, kuzima kwa utaratibu, au kukata umeme ghafla. Zinavyolingana na vifaa ni hivi:

| Faili lilikuwa wapi | Hatua ya kwanza | Kinachoharibu zaidi |
|---|---|---|
| Kadi ya kamera | Zima kamera kwa swichi, toa kadi | Kupiga picha moja zaidi |
| Flashi | Hakikisha hainakili kitu, ichomoe | Kujibu ndiyo kompyuta ikiomba kuirekebisha |
| Laptopu yenye diski ya kuzunguka | Kata umeme ghafla | Kuzima kwa utaratibu, kusakinisha programu ya kuokoa |
| Laptopu yenye SSD | Acha ikiwaka, tafuta nakala nyingine | Kutumia saa nzima kuchanganua diski |
| Simu | Pipa la taka, kisha linda nakala ya usiku ya WhatsApp | Kusubiri mpaka kesho |

Kuna mambo mawili yanayotangulia jedwali lote. Kwanza, kwenye kompyuta fungua Recycle Bin uangalie. Ni sekunde kumi, na kama hukutumia Shift+Delete faili huenda limo humo. Flashi na folda za mtandao wa ofisi kwa kawaida hazipitii humo, kwa hiyo usipoteze muda kulitafuta. Pili, ikiwa faili bado limefunguliwa kwenye Word au Excel, usilifunge na usizime chochote. Chomeka flashi, chagua Save As, lihifadhi humo. Yaliyo kwenye skrini ni nakala kamili, na ukikata umeme umeitupa kwa mkono wako.

Kadi ya kamera

Chukua mpiga picha wa sendofu ukumbini Moshi. Kadi yake ya GB 64 imejaa saa mbili usiku na keki haijakatwa. Ili apate nafasi anafuta kundi la picha alizodhani ni za majaribio, kumbe ni picha 200 za bibi harusi akiingia ukumbini. Picha ghafi moja ni kama MB 25, hivyo zote ni GB 5. Kadi ilikuwa imejaa, kwa hiyo GB 5 hizo ndizo nafasi yote aliyonayo. Picha ya kwanza ya keki itakaa juu ya mojawapo ya zile 200, hakuna njia nyingine.

Video ni mbaya zaidi. Video ya 4K kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hula MB 750 kwa dakika, yaani picha 30 kila dakika. Kwa hesabu hiyo GB 5 zote zinafunikwa kabla ya dakika 7 kuisha, na keki na shampeni kwa kawaida huchukua zaidi ya hapo.

Kwa hiyo uamuzi wake ni kati ya keki na kuingia ukumbini, na hapa hakuna cha kusitasita: kadi inatoka. Kama kamera ina nafasi ya kadi ya pili, aitoe ya kwanza ndipo aendelee na ya pili. Asitegemee mipangilio peke yake, maana kamera nyingi huwekwa ziandike kwenye kadi zote mbili kwa pamoja. Kama hana kadi nyingine, aazime kwa mpiga video mwenzake. Akikosa kabisa, keki ipigwe kwa simu. Keki iliyopigwa kwa simu bado ni keki, lakini mlango ule bibi harusi hataingia tena.

Hapa kuzima kwa utaratibu ndiko sahihi. Tumia swichi ya kamera, subiri taa nyekundu ya kuandika izimike, ndipo ufungue kifuniko. Ukichomoa kadi huku taa inawaka unaweza kuvunja orodha ya folda, na orodha hiyo ndiyo itakayokuambia majina na mwanzo wa kila picha. Ikishatoka, sukuma kitufe kidogo cha pembeni kwenye LOCK. Fahamu tu kwamba kitufe hicho hakikati chochote ndani ya kadi. Ni alama inayosomwa na kifaa cha kusomea kadi, na kifaa kibovu hukipuuza. Kadi ndogo za aina ya simu hazina kitufe hicho kabisa, mpaka uzitie kwenye adapta yake.

Usiirudishe kadi kwenye kamera "kuhakikisha kama kweli zimefutika". Baadhi ya kamera zikipokea kadi yenye mabadiliko huuliza kama zirekebishe hifadhidata ya picha, na ukikubali zinaandika. Kompyuta nazo zina tabia hiyo. Windows hupenda kupendekeza "Scan and fix" na macOS huweka folda zake zilizofichwa kwenye kadi bila kuuliza. Kadi iliyofungwa kwa LOCK, kwenye kifaa kinachoheshimu kitufe hicho, hukataa yote hayo.

Kesho yake, kazi ya kwanza ni kunakili kadi nzima kama ilivyo, nafasi tupu pamoja na zilizojaa, kwenda kwenye diski yenye angalau GB 64 za wazi. Uokoaji ufanyike kwenye nakala hiyo. Kwenye Linux angalia kwanza kwa `lsblk` kadi imepewa jina gani. Kama ni `sdb`, amri ya kwanza hunakili kadi na ya pili hutafuta picha ndani ya nakala:

```
sudo ddrescue -d /dev/sdb kadi.img kadi.map
photorec kadi.img
```

Kifaa cha kusomea cha USB 2 kinachosoma MB 30 kwa sekunde kitahitaji kama dakika 35. Cha USB 3 kwenye MB 80 kitamaliza kwa dakika 13 au 14. PhotoRec haisomi orodha ya folda bali hutafuta mwanzo wa kila picha kwa alama zake, kwa hiyo majina ya zamani hayarudi. Tarehe na saa ya kupigwa zimo ndani ya picha yenyewe, na kwa hizo utazipanga upya.

Matokeo yenyewe hukwambia kilichotokea. Picha inayofunguka nusu na kuwa kijivu chini imefunikwa sehemu, au vipande vyake vilikuwa vimetawanyika kwenye kadi. Usidanganywe na kijipicha kidogo kinachoonekana kizima kwenye folda: kimehifadhiwa mwanzoni mwa faili, kwa hiyo huweza kusalimika hata kama picha yenyewe imekwisha. Fungua kila moja kwa ukubwa wake kabla ya kumwambia mteja kwamba zimepatikana.

Laptopu yenye diski ya kuzunguka

Laptopu nyingi za mtumba bado zinatembea na diski hizi. Kama hujui yako ni ipi, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance, kisha Disk 0: itaandikwa HDD au SSD. Ukiona HDD, chukua hatua mara moja.

Windows haitulii. Wakati umekaa unaitazama, kivinjari kinahifadhi kurasa, antivirusi inaandika kumbukumbu zake na masasisho yanashuka. Ukiizima kwa utaratibu unaongeza mzigo: programu zote zinahifadhi hali zake kwa pamoja, Windows huandika sehemu ya kumbukumbu kwenye faili la `hiberfil.sys` ili iwake haraka kesho, na kama kuna sasisho linalosubiri, litaanza kusakinishwa hapohapo. Sasisho moja linaweza kuandika mamia ya megabaiti, au hata zaidi ya gigabaiti.

Kwa hiyo kata umeme. Shikilia kitufe cha kuwashia mpaka skrini na taa zife, mara nyingi kati ya sekunde 5 na 15. Baadhi ya laptopu huonyesha kwanza ujumbe wa kutelezesha ili kuzima. Usiufuate, endelea kushikilia. Kufunga kifuniko si kuzima, maana laptopu nyingi huendelea na kazi ndogondogo zikiwa zimefungwa. Kompyuta ya mezani iliyo kwenye UPS ukichomoa waya wa ukutani itaendelea kuwaka kwa betri, kwa hiyo chomoa ule unaoingia nyuma ya kompyuta.

Hasara ya kukata ghafla ipo: kazi yoyote isiyohifadhiwa kwenye programu nyingine inapotea. NTFS, mfumo ambao Windows hutumia kupanga mafaili kwenye diski, huweka kumbukumbu za mabadiliko na kwa kawaida huamka salama, kama unavyoamka kila umeme unapokatika mtaani. Pima tu: ikiwa faili lililofutwa lina thamani kuliko barua uliyokuwa unaandika, kata.

Kwenye NTFS kuna mbio mbili, na hii ndiyo sababu dakika chache zina uzito. Maudhui ya faili yako yako sehemu moja. Jina lake, tarehe na ramani ya mahali vipande vyake vilipo viko kwenye kadirekodi ka KB 1 ndani ya orodha kuu. Kadirekodi hako kakishawekewa alama ya kuwa wazi, faili jipya lolote linaweza kukatwaa, hata kipande kidogo cha kivinjari. Ndiyo maana hutokea kitabu cha hesabu za ushirika kikaokolewa kizima lakini hakina jina, kimechanganyika na mamia ya mafaili mengine yasiyo na majina. Ukikata umeme mapema unaokoa na majina pia.

Ikishazimika, usiiwashe tena kuingia Windows. Kuwaka kwenyewe huandika mengi. Njia iliyo salama zaidi ni kutoa diski (kwenye laptopu nyingi za zamani ni skrubu chache za kifuniko cha chini) na kuiunganisha kwenye kompyuta nyingine kwa waya wa SATA kwenda USB. Njia ya pili ni kuwasha laptopu hiyohiyo kwa flashi ya Linux. Tatizo lake ni kwamba ukichelewa kubonyeza kitufe cha kuchagua flashi, Windows inawaka na umerudi ulikotoka. Kwa asiyeijua vizuri mashine yake, kutoa diski ni bora.

Diski ikiwa kwenye kompyuta nyingine kama `E:` na mahali pa kuhifadhi ni `F:`, programu ya bure ya Microsoft ya Windows File Recovery hutafuta hivi:

```
winfr E: F: /extensive /n *.xlsx
```

Kilichookolewa kisirudi `E:` kamwe. Na kosa linaloua faili nyingi kuliko yote ni kupakua programu ya kuokoa na kuisakinisha kwenye diski ileile iliyopoteza faili. Programu ya MB 100 ni MB 100 zilizoandikwa, na huwezi kujua zimeangukia wapi.

Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya siri ya Windows, kompyuta nyingine itadai ufunguo wa tarakimu 48. Utafute kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye laptopu kwa kutumia simu, kabla ya kufungua skrubu yoyote. Bila huo, nakala ya diski ni takataka tupu.

Laptopu yenye SSD

Hapa mambo yanageuka. Tangu Windows 7 iliyotoka 2009, faili linapofutwa kwenye SSD, Windows huiambia diski kwamba nafasi zile hazihitajiki tena. Amri hiyo huitwa TRIM. Hutumwa ndani ya muda mfupi sana, na baada ya hapo SSD nyingi ukizisoma mahali pale hurudisha sifuri, hata kama chipu zenyewe hazijafutwa bado. Unaweza kuangalia kama imewashwa kwa kuandika hivi kwenye Command Prompt iliyofunguliwa kwa Run as administrator:

```
fsutil behavior query DisableDeleteNotify
```

Jibu la `0` kwenye NTFS maana yake TRIM inafanya kazi. Wengine wanashauri kukata umeme ili kuiwahi. Inawezekana kimsingi, lakini mpaka umeshtuka na kufikia kitufe, amri mara nyingi imeshakwenda, na kinachobaki kinahitaji maabara yenye vifaa vya kuzungumza na chipu moja kwa moja. Ukichanganua SSD kwa programu za kawaida unaweza kuona jina la faili na ukubwa wake sahihi, ukalifungua, likawa sifuri mwanzo hadi mwisho. Hiyo ndiyo dalili ya TRIM, na hakuna programu nyingine ya kununua itakayobadilisha jibu.

Dakika za kwanza zitumie kutafuta nakala iliyozaliwa kwingine, laptopu ikiwa inawaka. Ikiwa folda ilikuwa inalandanishwa na Google Drive au OneDrive, ingia kwa kivinjari kutoka simu na uangalie pipa lao la taka. Google Drive huweka vilivyofutwa kwa siku 30, na akaunti binafsi ya OneDrive vivyo hivyo. Bofya kulia kwenye folda, chagua Properties, kisha Previous Versions. Kwa nyaraka za Office ambazo hazikuwahi kuhifadhiwa, angalia `%LocalAppData%\Microsoft\Office\UnsavedFiles`. Kisha barua pepe ulizotuma na mazungumzo ya WhatsApp: ripoti iliyokwenda kwa mhasibu wiki iliyopita bado iko kwa mhasibu.

Kuna hali mbili ambapo SSD hukatwa umeme kama diski ya kuzunguka: pale `fsutil` inaporudisha `1`, au SSD ikiwa ndani ya kasha la USB la zamani lisilopitisha TRIM. Kwa upande mwingine, baadhi ya diski mpya za kuzunguka nazo hupokea TRIM, kwa hiyo alama ya HDD haikupi uhakika kamili. Kukata bado ndilo chaguo bora kwake, kwa kuwa hakuna unachopoteza zaidi.

Simu

Programu zinazoahidi kurudisha picha kutoka kumbukumbu ya ndani ya simu za sasa hazina cha kurudisha. Kumbukumbu imefungwa kwa siri, na faili likifutwa na ufunguo wake unakwenda nalo. Nyingi huonyesha vijipicha vilivyobaki kwenye akiba ya simu na kuviita picha zilizookolewa.

Nenda kwenye pipa la taka. Google Photos huweka picha zilizokwisha nakiliwa mtandaoni kwa siku 60 na zile ambazo hazijanakiliwa kwa siku 30. iPhone huziweka kwenye Recently Deleted kwa siku 30. Ikiwa picha zilikuwa kwenye kadi ndogo ndani ya simu, zima simu, toa kadi, na urudi sehemu ya kadi ya kamera.

Kwa ujumbe wa WhatsApp kwenye Android saa ndiyo inayoamua. Kila siku saa nane usiku programu huandika nakala mpya ndani ya simu, kwenye folda ya `Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Databases`. Ukifuta mazungumzo saa kumi jioni, nakala ya usiku uliopita bado inayo, mradi yalikuwepo wakati huo. Unganisha simu na kompyuta kwa waya, nakili folda hiyo yote nje kabla ya saa nane, na usibonyeze kitufe cha kufanya nakala mpya kwenye mipangilio. Ukija kurejesha kutoka nakala hiyo, ujumbe ulioingia baada yake hautakuwemo, kwa hiyo ya muhimu ya leo yanakili kwingine kwanza.

Ukimpelekea fundi

Iwe unapeleka Arusha mjini au unasubiri wa Moshi aliyeko karibu, safirisha kadi au diski yenyewe, au laptopu iliyozimwa kabisa, si iliyolala kwenye begi. Andika kwenye karatasi ni faili gani, limefutwa saa ngapi, na ni nini kimefanyika tangu hapo, hata kama ni kuwasha mara moja. Kisha muulize swali moja kabla ya kumwachia: atanakili diski nzima kwanza, au atafanya kazi moja kwa moja kwenye hii? Akisema moja kwa moja, au akichomeka kadi ambayo haijafungwa kwa LOCK kwenye kompyuta ya Windows ili "aone tu", ichukue uondoke nayo.